Kasi Iliyobanwa, Mnara Ulioelemewa au Hitilafu ya Kweli: Namna ya Kuvitofautisha Kabla ya Kununua Kifurushi Kingine

Mtu aliyenunua kifurushi cha intaneti cha mwezi kilichoandikwa kuwa hakina kikomo, kisha ikafika siku ya kumi na nane au ya ishirini akaona video hazifunguki na kila ukurasa unachukua dakika nzima, huwa na njia tatu za kufuata. Anaweza kununua kifurushi kingine, anaweza kuvumilia mpaka muda wa kifurushi uishe, au anaweza kupiga simu huduma kwa wateja na kuripoti hitilafu. Wengi wetu hapa Unguja na Pemba huchagua mojawapo kwa kukisia. Anayekisia vibaya hulipa mara mbili, kwa kuwa kifurushi kipya hakiongezi nafasi kwenye mnara uliojaa watu, malalamiko hayaondoi kikomo kilichomo ndani ya masharti ya kifurushi, na uvumilivu hautengenezi ruta iliyoharibika.

Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na sababu, na uamuzi wa fedha unafuata baadaye. Sababu zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kubanwa kwa kasi, yaani kampuni inapunguza kasi ya laini yako kwa makusudi baada ya kuvuka kiwango kinachoitwa kikomo cha matumizi ya haki. Ya pili ni mnara kuelemewa, ambapo laini yako haina kizuizi chochote lakini watu wengi wanagawana mnara mmoja kwa wakati mmoja. Ya tatu ni hitilafu ya kweli: mnara umezimika, mawimbi ni dhaifu mahali ulipo, au simu na ruta yako vina kasoro. Kwa anayetazama skrini tu, zote tatu zinafanana. Zinatofautiana pale zinapopimwa.

Vigezo vinne vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni mwenendo wa namba ndani ya siku nzima. Pima kasi mara tatu katika siku moja, ukiwa umekaa mahali palepale: saa nne asubuhi, saa mbili usiku, na saa kumi alfajiri au karibu na hapo. Tovuti ya fast.com inatosha, na haihitaji kupakua programu. Kumbuka kuwa kipimo nacho kinakula kifurushi: laini yenye kasi ya megabiti 20 kwa sekunde inayopimwa kwa sekunde kumi hutumia takriban megabaiti 25 kwa upande wa kupakua peke yake, wakati laini iliyobanwa kwenye megabiti 1 hutumia zaidi kidogo ya megabaiti moja.

Kigezo cha pili ni nguvu ya mawimbi pamoja na aina ya mtandao. Vile vijiti juu ya skrini havitoshi, kwa sababu kila mtengenezaji wa simu huvichora kwa namna yake. Katika simu nyingi za Android, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, na utaona namba hasi inayoishia na dBm. Namba hiyo ikiwa karibu zaidi na sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwenye 4G, −85 ni nzuri, −100 inafanya kazi, na ukishuka chini ya −115 usitarajie mengi. Tazama pia kama simu inaandika 4G, au imerudi kwenye H+ au E, yaani mitandao ya zamani yenye kasi ndogo zaidi.

Kigezo cha tatu ni muda wa pakiti, yaani vipande vidogo vya data, kwenda na kurudi, na idadi ya pakiti zinazopotea njiani. Kwenye kompyuta ya Windows iliyounganishwa na simu au ruta yako, fungua Command Prompt uandike hivi:

```
ping -n 20 8.8.8.8
```

Kompyuta itatuma pakiti ndogo 20 na kukuambia ni ngapi zimerudi na kwa milisekunde ngapi. Kabla ya kufanya hivi, zima kila kitu kingine kinachotumia laini hiyo. Sharti hili ni zito kuliko linavyoonekana, na nitalirudia mbele, kwa sababu ndilo linalopotosha vipimo vingi.

Kigezo cha nne ndicho ninachokiamini kuliko vyote: tatizo linafuatana na nini? Kasi iliyobanwa hufuatana na laini, popote laini hiyo itakapopelekwa na katika kifaa chochote. Mnara ulioelemewa hubaki mahali pake, na kila mwenye laini ya kampuni hiyo aliye karibu huupata. Kasoro ya kifaa hubaki na kifaa, hata ukikitia laini ya mtu mwingine. Kwa kubadilishana laini na kutembea kidogo, mtu asiyejua chochote kuhusu mitambo anaweza kujua sababu.

Kasi iliyobanwa baada ya kikomo

Anayebanwa huona namba zinazofanana asubuhi, usiku na alfajiri. Kampuni huweka kasi ya baada ya kikomo katika viwango kama kilobiti 512, megabiti 1 au megabiti 2 kwa sekunde, kutegemea kifurushi, na kipimo chako kitasoma pungufu kidogo ya kiwango hicho, kwa kuwa sehemu ya kila pakiti hubeba anuani na taarifa za safari ambazo kipimo hakizihesabu. Aliyebanwa kwenye megabiti 1 ataona 0.94, 0.95, 0.96. Unapoona namba imetulia namna hiyo saa za watu wengi na saa za watu kulala, jua kuwa kuna mkono unaoishikilia, kwa maana mtandao ulioachwa huru haukai hivyo.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi huitafsiri vibaya. Kipimo huanza kwa kasi kubwa kwa sekunde moja au mbili, kisha kinaanguka na kutulia chini. Mtu husema mtandao ulikuwa unakuja kisha ukakatika. Kumbe ndivyo kizuizi kinavyofanya kazi: ni mfano wa tangi dogo la maji lenye bomba jembamba la kulijazia. Ukifungua koki, maji yaliyokuwamo hutoka kwa nguvu, na yakiisha unapata kiasi kile tu kinachoingizwa na bomba. Ukurasa mwepisi unaweza kuisha ndani ya yale maji ya mwanzo, ndiyo maana ujumbe wa maandishi wa WhatsApp unakwenda vizuri na video haiendi.

Mawimbi ya aliyebanwa huwa hayana kasoro, na simu inaandika 4G kama kawaida. Pakiti zote 20 zinarudi, kwa muda wa kawaida, alimradi laini imetulia. Lakini simu moja ndani ya nyumba ikiwa inahifadhi picha zake kwenye wingu, au kompyuta ikiwa inajisasisha, njia hiyo nyembamba hujaa yote, na muda wa pakiti kwenda na kurudi hupanda kutoka milisekunde 60 hadi elfu moja na zaidi. Hapo mtu huapa kuwa kuna hitilafu, kwa sababu hata ujumbe haupiti. Laini ya megabiti 20 ingeuficha mzigo huo wa picha. Laini ya megabiti 1 inaushindwa. Kwa hiyo tafuta kwanza anayekula njia ndani ya nyumba yako kabla ya kumtuhumu aliye nje.

Katika kigezo cha nne, jibu huwa wazi. Itoe laini kwenye ruta uitie kwenye simu yako, nenda nayo mtaa mwingine au hata wilaya nyingine, na namba itakuwa ileile. Tia laini nyingine ya kampuni hiyohiyo kwenye ruta, na kasi itarudi.

Hali hii inavumilika kwa mtu ambaye kazi yake ni barua pepe, maandishi, malipo na mafaili madogo. Faili la megabaiti 3 ni megabiti 24, nalo kwa kasi ya 0.95 linashuka kwa takriban sekunde 25. Haivumiliki kwa anayefundisha kwa video, kwa mwenye nyumba ya wageni kule Paje au Nungwi ambaye wageni sita wanagawana megabiti hiyo moja, wala kwa familia yenye watoto wa skuli wanaosoma jioni wote kwa pamoja. Tena kasi ndogo haimaanishi matumizi madogo: megabiti 1 ikitumika mfululizo kwa saa 24 hupitisha takriban gigabaiti 10.8, kiasi ambacho mnunuzi wa kifurushi cha gigabaiti chache hawezi kukiota. Huo ndio uzuri wa kifurushi cha aina hii, na ni haki kuutaja.

Mnara ulioelemewa

Hapa namba huyumba kufuata saa. Alfajiri unapata megabiti 18, saa nne asubuhi 9, saa mbili usiku 1.2, na karibu na saa sita usiku zinaanza kupanda tena. Yule aliyepima mara moja tu, saa mbili usiku, ataona 1.2 na kudhani amebanwa kwenye megabiti 1. Kipimo kimoja hakina thamani kubwa kwa sababu hiyo hasa.

Mawimbi huwa mazuri, kwa kuwa mnara uko palepale na unasikika vizuri. Pakiti nyingi zinarudi, lakini muda wake unarukaruka hata kama nyumbani kwako hakuna mwengine anayetumia: moja inarudi kwa milisekunde 70, inayofuata kwa 420, nyingine kwa 150. Foleni hiyo iko nje ya nyumba yako, na huwezi kuipunguza kwa kuzima simu za watoto.

Kigezo cha nne kinaonyesha tatizo limekaa mahali. Jirani mwenye laini ya kampuni hiyo naye analalamika, hata kama kifurushi chake ni kipya cha jana. Ukienda mtaa wa mbali, kasi inarudi bila ya kununua chochote. Utaliona sana mkesha wa Idi, utaliona kwenye vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja wageni wanapojaa, na utaliona Forodhani jioni, pale kila mmoja anapiga picha na kuzituma saa ileile.

Hali hii inavumilika kwa anayeweza kuhamisha kazi zake nzito usiku wa manane au kabla ya alfajiri. Anayehitaji mtandao saa za jioni na hawezi kusogea, dawa yake ni laini ya kampuni nyingine yenye mnara mwingine. Kuongeza kifurushi kwenye laini ileile ni kununua tiketi zaidi za basi lililojaa.

Hitilafu ya kweli

Hitilafu haina kawaida. Kipimo kimoja kinasoma 0.1, kinachofuata 3.4, cha tatu kinakataa kuanza. Pakiti zinapotea: ukituma 20 zikarudi 13 ilhali umezima kila kitu, hiyo ni dalili ambayo kasi iliyobanwa haiitoi, kwa kuwa kizuizi cha kampuni huchelewesha au kukata pale tu unapozidisha, na pakiti 20 ndogo hazizidishi chochote. Mara nyingi simu za sauti nazo hukatikakatika, jambo ambalo halimpati aliyebanwa kwenye data peke yake.

Kwetu visiwani chanzo kikubwa ni umeme. Umeme wa Unguja hupitia nyaya za chini ya bahari kutoka bara, na Pemba huupata kwa waya utokao Tanga tangu mwaka 2010. Umeme ukikatika mnara hubaki kwenye betri, au kwenye jenereta kama ipo. Betri ikiisha, mnara unanyamaza na simu yako hushika mnara wa mbali zaidi. Hapo utaona namba ya mawimbi imeporomoka, tuseme kutoka −84 hadi −113, na 4G imegeuka H+ au E. Pemba, kwa vilima na mabonde yake, huliongeza hili: nyumba iliyo juu ya kilima hupata mnara wa pili, na iliyo bondeni hukosa yote miwili. Mvua kubwa ya masika nayo huweza kudhoofisha viungo vya mawimbi vinavyounganisha mnara na mnara, na kasi ikarudi mvua inapopungua.

Chanzo cha pili kiko ndani ya nyumba. Kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hula mawimbi kiasi kwamba ruta iliyowekwa chumba cha ndani inasoma −112, nayo ikitolewa kwenye dirisha linalotazama barazani inasoma −92. Anayeishi ndani ya nyumba za namna hiyo asogeze ruta kwanza, kabla ya hatua nyingine yoyote.

Katika kigezo cha nne, hitilafu ya kifaa hubaki na kifaa, na hitilafu ya mnara huwapata majirani wote kwa ghafla. Ughafla huo ndio tofauti yake na mnara ulioelemewa, ambao huja na kuondoka kwa ratiba.

Laini moja, matatizo mawili: duka la steshenari la Chake Chake

Binamu yangu ana duka la steshenari Chake Chake, anachapisha barua, anajaza fomu za maombi na kutoa nakala. Ruta yake ya 4G ilikuwa na kifurushi cha siku 30 kisicho na kikomo, na masharti yake yalisema kasi kamili ni kwa gigabaiti 60 za mwanzo, kisha megabiti 1 hadi mwisho. Siku ya kumi na tisa kazi zilikwama. Mvua zilikuwa zimeanza, kwa hiyo alilaumu mvua, kisha akalaumu ruta, na alikuwa tayari ameshauliza bei ya ruta mpya.

Nilimwomba asubiri siku moja. Tulizima kompyuta ya pili na simu zote, tukapima kwa fast.com. Saa nne asubuhi ilisoma 0.94. Saa mbili usiku 0.95. Mdogo wake anayelala dukani aliamka alfajiri akapima, ikasoma 0.96. Mawimbi yalikuwa −84, na pakiti zote 20 zilirudi kwa wastani wa milisekunde 58. Tukaiwasha simu ya huyo mdogo mtu, ambayo ilianza kuhifadhi video zake kwenye wingu, na wastani ukaruka hadi 1,400. Hapo binamu yangu alielewa kwa nini dukani mambo yalikuwa yakifa kabisa kila kijana huyu anapoingia.

Nilikuwa nakwenda Mkoani siku iliyofuata, nikaichukua laini ya ruta ndani ya simu yangu. Bandarini ilisoma 0.95. Wakati huohuo yeye alitia kwenye ruta laini yake ya mkononi, ya kampuni hiyohiyo, akapata megabiti 17. Ruta ilikuwa nzima, mnara ulikuwa mzima, na mvua haikuwa na kosa.

Kilichobaki ni swali lake la haki kabisa: mbona hawakunijulisha? Walimjulisha. Tulifungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta kwa kuandika 192.168.8.1 (ruta nyingine hutumia 192.168.1.1, na anuani huandikwa chini ya kifaa), tukaingia sehemu ya ujumbe, na humo mlikuwa na ujumbe mbili ambazo hazijafunguliwa: mmoja wa kufikia asilimia 75 ya gigabaiti za kasi kamili na mwengine wa kuzimaliza. Ujumbe hutumwa kwa namba ya laini, na laini iliyomo ndani ya ruta haina skrini ya kukulilia. Kila mwenye ruta angefaa kuufungua ukurasa huo mara moja kwa wiki. Gigabaiti 60 kwa siku 19 ni zaidi kidogo ya gigabaiti 3 kwa siku, na nyingi kati ya hizo zilikwenda kwenye video za simu na masasisho ya kompyuta.

Alihesabu kazi zake. Mafaili ya wateja mara chache huzidi megabaiti 5, ambazo kwa kasi ile ni kama sekunde 42. Akaamua kuvumilia siku kumi na moja zilizobaki, akazuia masasisho ya kompyuta, akabadilisha nywila ya ruta, na kwa siku mbili za msongamano wa maombi ya vyuo akanunua kifurushi kidogo cha saa 24 kwenye simu yake na kuitumia simu kama ruta. Hakununua ruta mpya.

Siku ya ishirini na nne alinipigia tena akisema wamembana zaidi. Safari hii nilimwambia asome mawimbi kwanza. Yalikuwa −113, na ruta iliandika H+. Vipimo vitatu mfululizo vilisoma 0.1, 0.6, na cha tatu kikakataa. Katika pakiti 20, sita zilipotea. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku eneo lote. Laini iliyobanwa tayari ilikuwa imepatwa na hitilafu ya kweli juu yake, na ushahidi ulikuwa kwamba namba iliyokuwa haitikisiki kwa siku tano sasa ilikuwa inayumba. Aliripoti, na umeme uliporudi jioni, kipimo kilirudi palepale: 0.95.

Uamuzi kwa kila hali

Ikiwa vipimo vyako vitatu vinalingana, mawimbi ni mazuri na tatizo linafuata laini, soma masharti ya kifurushi na utafute maneno kama "kasi ya juu hadi" na "baada ya hapo". Kama kazi zako ni nyepesi na siku zilizobaki ni chache, vumilia, na uzime vinavyokula njia kimyakimya. Kama kazi zako ni nzito, nunua kifurushi kidogo chenye gigabaiti zinazohesabika kwa siku unazozihitaji, ukiuliza kwanza kama kitaondoa kizuizi kwenye laini ileile au ni lazima kiwe kwenye laini nyingine, kwa sababu kampuni hazifanani katika hili. Baada ya kununua, zima ruta kwa nusu dakika kisha uiwashe. Mara nyingine kizuizi cha zamani hubaki mpaka laini ijiunge upya.

Kwa mwezi unaofuata, anayetumia kidogo kila siku na kuchukia kukatiwa kabisa anafaa kubaki na kifurushi kisicho na kikomo, akijua kasi yake ya mwisho. Anayetumia nyingi kwa siku chache, na anayehitaji video iliyo safi kila anapoifungua, atafaidika zaidi na gigabaiti zinazohesabika, ambazo zinakwenda kwa kasi kamili mpaka ya mwisho na kisha zinakatika. Katika duka la binamu yangu cha kwanza kinafaa. Kwa mwalimu anayesomesha kwa video kutoka Wete ningeshauri cha pili.

Ikiwa namba zinapanda alfajiri na kushuka usiku, weka fedha zako kwenye laini ya kampuni nyingine, lakini omba kwanza laini ya jirani uipime saa mbili usiku ukiwa umekaa pale utakapoitumia.

Ikiwa pakiti zinapotea, mawimbi yameporomoka au simu za sauti zinakatika, sogeza ruta karibu na dirisha, jaribu laini nyingine ndani yake, kisha uripoti kwa namba 100 ya huduma kwa wateja. Taja shehia yako na alama iliyo karibu, saa tatizo lilipoanza, namba ya mawimbi kabla na baada, aina ya mtandao inayoandikwa, na idadi ya pakiti zilizopotea kati ya 20. Anayesema "mtandao mbovu" huambiwa azime simu na aiwashe. Anayetaja −113 iliyokuwa −84 jana, saa na mahali, humpa fundi kitu cha kufuatilia. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uiandike. Mawasiliano ni jambo la Muungano, hivyo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inasimamia kampuni za huku pia na ina ofisi Zanzibar. Malalamiko ambayo kampuni imeshindwa kuyatatua hupelekwa huko, pamoja na namba hiyo ya kumbukumbu na vipimo vyako vyenye tarehe na saa.